Simu Saba Katika Kikapu

Kila Ijumaa adhana ilipolia, mimi ndiye niliyebaki na kikapu. Kijiwe chetu cha pikipiki kilikuwa Kiranjeranje, kando ya barabara kuu, pale mabasi ya kutoka Lindi yanaposimama kushusha mizigo. Tulikuwa waendeshaji wanane. Saba walikuwa Waislamu, wa nane mimi, Mkatoliki niliyeshuka kutoka vilimani baada ya kuchoka kulima ufuta na kugombana na nguruwe pori. Wenzangu waliniita Padri. Mwanzoni nilikuwa navimba kwa hasira, halafu nikazoea, maana utani wa kijiweni ukiununia ndiyo unazidi.

Kikapu chenyewe kilikuwa cha ukili, mali ya mama anayepika chai na maandazi pale kijiweni. Kila Ijumaa alikimwaga vikombe akatuazima. Wenzangu wakitawadha, mmoja mmoja alipita akaweka simu yake humo na kuniachia ufunguo wa pikipiki. "Padri, pokea sadaka," wanasema, wanacheka, wanakwenda msikitini. Nami nakaa kwenye benchi, kikapu mapajani, pikipiki nane mbele yangu, nikijiona mtu wa maana sana.

Lazima nieleze kwa nini simu zililindwa kuliko hata pikipiki. Mbali na abiria, tulikuwa tunabeba vifurushi vya kampuni moja yenye ofisi Lindi mjini. Hatukugombania mzigo kwa kukimbilia basi kama zamani. Wakala wa mabasi, mwenye kibanda hatua chache kutoka kwenye benchi letu, akishapokea kifurushi anakiandikisha kwenye simu yake, na mtambo wa Lindi unatuma ujumbe kwa mwendeshaji aliye juu kwenye orodha. Ujumbe ulikuwa mfupi: kazi mpya, chukua hapa, peleka pale, jibu 1 kukubali, jibu 2 kukataa, una dakika tano. Ukijibu 1, unaletewa namba ya kuchukulia mzigo, na mwenye mzigo anaandikiwa kwamba mwendeshaji amepatikana. Ukijibu 2, au ukinyamaza hadi dakika tano ziishe, kazi inakuponyoka, inakwenda kwa anayefuata. Naye akinyamaza, inakwenda kwa mwingine. Orodha nzima ikinyamaza, kazi inaangukia mezani kwa dada mmoja ofisini Lindi, naye anaanza kupiga simu kwa sauti yake mwenyewe, na akipiga huwa hana masihara.

Ni mpango mzuri, sikatai. Ubaya wake kwetu ulikuwa huu: ukinyamazia ujumbe mara tatu ndani ya wiki, unashushwa hadi mkiani mwa orodha. Ijumaa moja tu, kwa saa moja ya swala, ilitosha kumteremsha mtu. Njia ya halali ilikuwepo. Unatuma 0, mtambo unajua umetoka kazini, haukusumbui. Ukirudi unatuma 9. Lakini ukirudi hivyo unaanzia mkiani mpaka kesho yake. Wenzangu waliona huo ni uonevu. Kusali kumshushe mtu? Ndipo wakabuni kikapu. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mtu aliye msikitini, mimi namjibia 1. Swala ya Ijumaa haichukui muda, anatoka, anachukua mzigo wake, anaondoka. Tulifanya hivyo miezi mingi na hakuna aliyedhurika.

Nami nilipenda. Nisidanganye hapa. Kwetu vilimani mtoto akiitwa na mkubwa asiitike wito wa kwanza, anakula kofi kabla ya kuulizwa. Nimekua najua kuwa kunyamaza mbele ya anayekuita ni jeuri. Simu ikilia ndani ya kile kikapu, kidole changu kilikuwa kinakwenda chenyewe. Nilikuwa hodari wa kuitikia, tena kwa niaba ya watu saba, na nikajisifia jambo hilo mbele ya mke wangu. Aliniangalia tu akaendelea kupepeta mchele.

Aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha alikuwa mzee wa kijiwe chetu. Ndiye aliyenidhamini nikaingia, maana pale hawapokei mtu hivi hivi. Alikuwa mtu wa mvi chache na maneno machache, na cheo chake cha juu kwenye orodha alikithamini kuliko alivyokiri. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia aliwahi kushushwa mkiani kwa kunyamaza mara tatu, akakaa wiki nzima anapiga miayo kwenye benchi huku sisi tukimpita. Aliporudi juu aliniambia, "Mwanangu, Ijumaa simu yangu uitazame vizuri." Nikamjibu, "Usijali, mzee."

Ijumaa yenyewe jua lilikuwa kali. Basi la Lindi lilisimama kama saa sita na nusu likashusha vifurushi, na kati yake kulikuwa na kideli, kisanduku kidogo cha kutunzia baridi, kilichofungwa utepe. Nilichokuja kukijua baadaye nakisema sasa, nisimzungushe mtu. Ndani ya kideli mlikuwa na chupa ya insulini na pakiti ya barafu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Pande, mshonaji, mwenye kisukari cha kuchomwa sindano kila siku. Hana jokofu, kwa hiyo chupa yake alikuwa anaitunza ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga uliolowa maji, uani. Alhamisi asubuhi, akiwa ametoka tu kujichoma, mbuzi wa jirani alipindua chungu, chupa ikagonga jiwe, dawa yote ikamezwa na mchanga. Karibu na kwake haipatikani. Dada yake aliye Lindi alizunguka maduka ya dawa hadi Ijumaa asubuhi akaipata, akaiwahisha kwenye basi. Wakati kideli kinashuka pale Kiranjeranje, yule mama alikuwa amemaliza siku na zaidi bila dawa, na mwili wake haukuwa na namna ya kungoja.

Saa saba kasoro dakika chache, hotuba ikiendelea kwenye kipaza sauti cha msikiti, simu ya mzee ikalia kikapuni. Nikasoma. Kazi mpya, chukua Kiranjeranje, peleka Pande, dawa, isikae juani. Nikajibu 1. Ikaja namba ya kuchukulia. Nikairudisha simu kikapuni, nikamwambia mama wa chai aniongezee kikombe.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mzee alikuwa anatoka si muda mrefu, anapanda, anakwenda. Kideli kilikuwa kivulini kwa wakala, nilikiona kutoka pale nilipokaa.

Swala ikaisha. Nikasimama, nikajinyoosha, nikaanza kupanga funguo. Hakuna aliyetoka. Kisha nikasikia tangazo: kuna msiba, maiti yuko msikitini, ataswaliwa sasa hivi na maziko yanafuata. Nikaona jeneza linatoka, watu wanapokezana kulibeba, na wenzangu wote saba wakiwa humo, mzee akiwa mbele kabisa bega chini ya jeneza. Hawakupita kijiweni. Nani anapita kijiweni akiwa na jeneza begani? Wakashika njia ya makaburini.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama na kufikiri. Mimi nilikaa. Nikajiambia kaburi limeshachimbwa, watafukia, dua fupi, watarudi. Simu ya mzee ikalia tena. Mtambo ulikuwa umehesabu dakika arobaini tangu nikubali na kuona namba ya mzigo haijaingizwa kwa wakala. Ujumbe uliuliza: bado hujachukua mzigo, jibu 1 kama uko njiani, jibu 2 kuuachia.

Nimeufikiria ule ujumbe mara nyingi kuliko sala zangu. Mtambo uliona kitu hakiko sawa ukauliza kwa adabu, na ukatupa mlango wa kutokea. Ningejibu 2, kazi ingerudi kwenye orodha. Ningenyamaza, ingerudi vilevile. Ingepita kwenye simu zile nyingine sita zilizokuwa mapajani mwangu, na nisingezijibia, kila moja dakika tano, kisha ingelia simu ya saba kutoka kwa mzee, ya mtu wa mkiani, mgeni kuliko wote, aliyekuwa amekaa bure kwenye benchi na pikipiki yenye tangi limejaa. Yaani mimi. Kule kunyamaza nilikokuwa nakuogopa kungeniletea kazi hiyo mkononi.

Nikajibu 1. Niko njiani. Niliandika hivyo kwa simu ya mtu aliyekuwa anashika koleo makaburini.

Kwa nini? Niliogopa mzee angeshushwa kwenye orodha. Niliogopa pia kuacha pikipiki za watu. Na nadhani, hili linaniuma kulisema, nilikuwa sijawahi kuuona mzigo kama mtu. Mzigo ulikuwa ujumbe, na ujumbe nilikuwa nimeujibu.

Saa nane na dakika kumi hivi simu ya mzee ikalia safari hii mlio wa kupigiwa. Alikuwa yule dada wa ofisini Lindi.

"Shikamoo mzee, mbona mzigo wa Pande bado uko kwa wakala?"

"Siyo mzee," nikasema. "Mzee yuko maziko."

"Wewe nani?"

Nikamwambia.

"Na nani aliyejibu yuko njiani?"

Sikuitika. Mara ya kwanza siku hiyo nilinyamaza, tena pasipostahili. Alivuta pumzi nikaisikia. "Kaka, ndani ya hicho kideli kuna insulini. Mgonjwa hana dawa tangu jana. Naifuta kazi kwa mzee, naituma kwako moja kwa moja. Unaweza au huwezi? Sema kweli."

"Naweza."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikajibu 1, mara ya tatu siku ile kwa kazi ileile, na ya kwanza ya haki. Nikageuka kutafuta wa kumwachia pikipiki. Mama wa chai alikuwa kasimama nyuma yangu kasikia yote, mikono kiunoni. "Si uniachie mimi! Mimi nakwenda wapi na sufuria hizi?" Alikuwa pale tangu asubuhi. Hakuna siku hata moja niliyowahi kumwomba. Nikamwekea kikapu mapajani na funguo zote, nikamkimbilia wakala. Nikamtajia namba mpya, akanipa kideli. Nilipokitikisa nilisikia maji yanacheza.

Njia ya Pande ukiiendesha kwa haraka inakuadhibu. Kuna mchanga mahali pa kuteleza, kuna mashimo mahali usipoyatarajia, na mikorosho imeinamia njia pande zote huoni mbele. Kideli nilikifunga kifuani kwa kitenge alichonipa mama wa chai. Nilikuwa naomba kwa sauti, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine nilikuwa najitukana.

Kabla ya nusu ya njia nilipishana na pikipiki inayokuja kasi. Kijana mmoja mwenye shati la bluu alikuwa anaendesha, katikati mwanamke aliyefunikwa khanga kichwa kimelala kwenye mgongo wa dereva, na nyuma mwanamke mwingine aliyemshikilia asianguke. Njia ilikuwa nyembamba. Nikaingia majanini kuwapisha, nikainua mkono. Dereva hakuniona. Nikasema moyoni, poleni, mgonjwa huyo. Kisha nikarudi njiani nikaongeza mwendo.

Nilipofika Pande niliuliza kwa mshonaji, nikaonyeshwa nyumba yenye cherehani barazani. Bibi mmoja alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo bibi. Hodi."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeleta dawa ya mama."

Alikitazama kideli kifuani mwangu, akanitazama usoni. "Wamempeleka hospitali, mjukuu wangu. Alianza kutapika, pumzi ikawa nzito, hatambui watu. Kaka yake kampakia. Hamkupishana?"

Tulipishana. Nilimpisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikunywa hata maji. Niligeuza. Jua lilikuwa limelala nilipofika hospitali walikompeleka, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alipokea kideli, akafungua, akashika chupa, akaniambia kwa upole kwamba mgonjwa ameshawekewa dripu na dawa wanayo wao, na hii yangu imepata joto, wataitazama. Nikabaki nimesimama pale na kitenge kikining'inia shingoni.

Nje, kwenye ngazi, alikuwa kakaa yule kijana wa shati la bluu. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamwomba radhi. Nilimweleza kila kitu, kikapu, msikiti, jeneza, 1 ya kwanza na 1 ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akatoa simu kubwa mfukoni, ya dada yake aliyelazwa, akanionyesha ujumbe. Mwendeshaji amekubali kazi yako. Chini yake mwingine: mwendeshaji yuko njiani.

"Mimi nilikuwa nimeshawasha pikipiki," akasema. "Nilitaka nije Kiranjeranje niichukue mwenyewe. Ujumbe huu ukaingia, dada akaniambia, zima, kaka, mwenye kuileta ameshakubali, mtapishana bure. Nikazima. Alipoanza kutapika nikataka kutoka tena. Ukaingia huu wa pili. Nikazima tena."

Ningefurahi kama angenipiga.

Yule mama hakufa. Siku mbili hakujua yuko wapi, ya tatu akaomba uji. Alilala hospitali wiki nzima, na aliporudi nyumbani macho yalikuwa yamepungua nguvu kwa muda, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, ikabidi binti wa jirani amtungie. Haya nilikuwa nayapata kwa bibi, niliyekuwa nampigia simu kila baada ya siku chache, naye hakuchoka kunijibu.

Kijiweni mambo hayakuwa madogo. Mzee aliporudi kutoka maziko mama wa chai alimweleza, na kesho yake alinikuta kwenye benchi. Nilitegemea aseme nimemwaibisha kule Lindi. Alikaa karibu yangu. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikwambia uitazame simu. Sikukwambia uitazame kazi." Ijumaa iliyofuata, kabla ya kutawadha, alitoa simu yake mbele ya wote akatuma 0. Wengine walinung'unika, kisha mmoja mmoja wakatuma. Dada wa Lindi aliposikia mkasa mzima alikwenda kusema na wakubwa wake, na baada ya wiki kadhaa ikawa anayetoka kwa 0 Ijumaa mchana harudi mkiani tena. Kumbe ilihitaji mtu kuomba tu. Miezi yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kuomba.

Siku hizi kikapu kimerudi kubeba vikombe. Ijumaa mchana orodha ya Kiranjeranje ina mtu mmoja, mimi, na nikikubali kazi nakuwa nimeshavaa kofia ngumu. Simu isiyo yangu ikilia mbele yangu, iwe ya nani, naiacha ilie. Bado mwili unanikataa, kidole kinawasha, lakini naiacha.

Mzigo wa Pande unakuja kila mwezi, na mwenyewe aliomba Lindi uwe unaletwa nami. Nilipopewa habari hiyo nilidhani nimesamehewa, na nadhani yeye kweli alinisamehe, maana nikifika ananikaribisha chai na kunitania kwamba nimekonda. Lakini kila mwezi, nikishajibu 1 na kutembea hatua zile chache hadi kibandani kwa wakala, namkuta kaka yake ameshafika. Anakuwa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Ananitazama nikitaja namba, nikipokea kideli, nikikifunga kifuani. Kisha ananifuata nyuma njia nzima hadi barazani kwa dada yake, anageuza, anakwenda zake.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata nikamwambia, "Kaka, mafuta yanakuishia bure na safari ndefu. Ukiona ujumbe kwamba nimekubali, tulia nyumbani. Nimeshakubali, si naileta?"

Akavaa kofia yake, akaifunga kidevuni taratibu.

"Hata siku ile ulikubali," akasema.